Kidonge kilichonitoka mkononi usiku ule, na jinsi nilivyokirudisha

Nilipoanza kazi kwenye zahanati yetu huku Kigoma, mwenzangu aliyenitangulia aliniambia hivi kuhusu dawa ya malaria kali: "Ukishamwekea mtoto artesuneti ya njia ya haja kubwa, mwangalie mpaka asubuhi. Akizinduka, hakuna haja ya rufaa." Ushauri huo bado unaniudhi, kwa sababu ningeufuata, mtoto ninayemsimulia hapa nadhani tungempoteza.

Aliletwa na mama na bibi yake kama saa 3 usiku. Umri miezi 10, kilo 8. Homa ya siku 2, hanyonyi, na njiani alishikwa na degedege. Alikuwa amelegea, ukimwita haitiki. Nilitoboa kidole nikaweka tone kwenye kipimo cha haraka cha malaria, lakini sikusubiri jibu. Sindano za artesuneti, ambazo ndizo ningeanza nazo, zilikuwa zimeisha. Kilichobaki ni vidonge laini vya miligramu 100 vya kuweka nyuma, ambavyo ni kwa watoto wa chini ya miaka 6. Kipimo chake ni miligramu 10 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 kimoja kinamtosha.

Nilivaa glovu, nikakilowesha kwa maji safi, nikakiingiza taratibu mpaka kikapita msuli wa kwenye njia. Kisha nikamlaza chali juu ya kanga ya bibi, nikageukia meza kuandika barua ya rufaa. Hapo ndipo nilipokosea.

Mtoto alijikamua. Sikuona, maana kanga ilikuwa na maua mekundu na ya njano kila mahali, na taa ilikuwa ya sola, hafifu. Dakika kama 7 baadaye nilimgeuza ili nimpime joto, na kidonge kikabingirika kwenye pindo la kanga, kizima, kimelainika kidogo tu. Moyo ulinipasuka. Lau nisingemgeuza, angepanda pikipiki bila dawa mwilini, nami nimeshaandika kwenye barua kwamba amepewa.

Kikitoka ndani ya dakika 30, unaweka kingine. Safari hii nilitandika kitambaa cheupe, ili chochote kitakachotoka kionekane. Nikamlaza kifudifudi mapajani mwa bibi, nikamwambia: "Bibi, bana makalio hivi, kwa viganja viwili, usiachie mpaka niseme." Dakika 10 kamili kwa saa ya ukutani. Bibi alibana huku akimwombea mjukuu wake, jasho likimtiririka. Barua niliimalizia nikiwa nimesimama mbele yao, macho kwenye kitambaa. Hakikutoka kitu. Tangu siku ile sijawahi kumwekea mtoto dawa hii juu ya kanga yenye maua.

Kwa kuwa alikuwa hajanyonya siku nzima, nilihofia sukari imeshuka mwilini. Nilichota sukari kijiko cha chai, nikailowesha kwa matone ya maji, nikamwekea kidogo kidogo chini ya ulimi. Kumnywesha mtoto asiyejitambua ni kumpalia, na bibi alikuwa ameshashika kikombe cha uji.

Kwenye barua niliandika uzito, dalili, jibu la kipimo (mistari miwili), na saa ya kidonge cha pili. Nikaibana pamoja na pakiti tupu. Bodaboda walilipa kama elfu kumi na tano, nusu wakachangiwa na majirani.

Kama saa 6 hivi simu ikaita. Bibi: "Nesi, mtoto amefumbua macho, analia, anataka ziwa. Tuko njiani bado. Si turudi tu?" Nilikuwa nasubiri swali hilo, na ule ushauri mbaya ukanijia kichwani. Nikamwambia: "Bibi yangu, dawa ile imewapiga vijidudu wengi kwa haraka, lakini nayo inaisha mwilini kwa haraka. Waliobaki wataanza kuzaliana tena. Mkirudi, kesho kutwa atalegea kuliko leo. Anyonye, mwendelee." Akanyamaza, kisha nikamsikia akimwambia dereva, "Twende, mwanangu."

Hospitali walisoma barua, wakamchoma sindano ya kwanza ya artesuneti palepale, kwani kidonge hakihesabiwi badala yake. Wakarudia baada ya saa 12 na saa 24, na alipoweza kunywa vizuri wakampa dawa mseto ya siku 3. Damu ilikuwa pungufu, akaongezewa.

Wiki ya pili mama alimleta nimwone. Aliomba nimpime tena kwa kile kipimo, ahakikishe malaria imeisha. Nilikataa, maana kinaweza kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa hata vijidudu wakiwa wamekwisha, na angerudi nyumbani na hofu ya bure. Nikampima uzito: kilo 8 na robo.