Kumbukumbu ya mradi wa asali: wasifu wa mnunuzi ulioanza na fomu tupu

Mradi wenyewe ni mdogo. Mdogo wangu na mimi tunapokea asali kutoka kwa wafugaji nyuki wa Sikonge, tunaichuja na kuifungasha hapa Tabora mjini jioni baada ya kazi zetu za mchana. Kijana aliyetutengenezea lebo ndiye aliyeleta fomu ya "mteja wako ni nani": jina la kubuni, umri, kipato, anapenda nini, na nafasi ya kubandika picha. Mdogo wangu alitaka tuijaze palepale na alishakuwa na jibu: mama wa miaka 35, anajali afya, yuko Instagram. Nikaomba tuiache tupu kwanza. Huyo mama tungemkisia hata kama tungekuwa tunauza sabuni.

Juni

Nimeanza kuhoji watu walionunua asali miezi ya karibuni, kwetu au kwingine. Hilo la "kwingine" nimelishikilia. Ukihoji waliokuja kwako tu, hutasikia habari za aliyekupita. Nimewatafuta pia wawili watatu waliouliza bei wakaondoka.

Shida ya kwanza ni adabu. Ukimkaribia mtu wa Kanyenye au Cheyo ukasema unauza asali, atakusifia asali yako hata kama hajaionja, asikuvunje moyo. Kwa hiyo naanza kwa kusema leo siuzi, nataka tu kusikia jinsi alivyonunua mara ya mwisho. Zawadi ya kichupa natoa mwishoni, tena bila kuitaja mapema. Naomba ruhusa ya kurekodi kwenye simu, na usiku huohuo naandika maneno kama yalivyosemwa.

Maswali ni machache: mara ya mwisho ilikuwa lini, kitu gani kilitokea hadi ukaitaka asali siku ile, ulitazama wapi kwanza, nini kilikutia wasiwasi, na nini kilikufanya uamue. Mtu akijibu "huwa nanunua" au "watu wanapenda", najua nimepewa maoni. Namrudisha kwenye ile siku moja. Akianza kukumbuka alikuwa na nani na mvua ilikuwa inanyesha, tumefika.

Julai: mahojiano yaliyobadilisha kila kitu

Nayaandika kwa urefu kwa sababu karatasi yetu yote ya wasifu imetoka hapa. Ni mwalimu, mwanamume, alinunua lita moja sehemu nyingine.

"Kilitokea nini siku ile, mwalimu?"

"Nilikuwa nasafiri kesho yake kwenda Dodoma. Mama mkwe alikuwa amepiga simu, akasema wewe si uko Tabora, asali yetu iko wapi?"

"Ukaenda wapi?"

"Sokoni. Nikaikuta kwenye chupa za maji. Nikaiacha."

Hapa ningeweza kuandika "anaogopa asali iliyochakachuliwa" na kuendelea. Nikauliza tena, ni nini hasa alichokiona kwenye ile chupa.

"Asali ilikuwa nzuri, niliionja. Ila mama mkwe angeona chupa ya maji yenye lebo ya maji. Angeniona mimi."

Akanunua kwa jirani, akaihamishia kwenye chupa safi, akaifunga kwa nailoni mara mbili na kuipakata kwenye basi hadi Dodoma. Nikamuuliza kama bei ilimsumbua. Alifikiri kidogo ndipo akaikumbuka bei yenyewe. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimeliuliza: baada ya wiki kadhaa mama mkwe alipiga simu kwamba asali imeganda, na kwamba huenda imetiwa sukari.

Wengine waliosafiri walirudia mambo hayohayo kwa maneno yao: aibu ya kifungashio, hofu ya kuvuja kwenye begi la nguo, na simu ya baadaye kuhusu kuganda. Kwa kundi moja la wanunuzi, mahojiano nane hadi kumi mara nyingi yanatosha kuona kinachojirudia. Sisi tulianza kukiona kabla ya hapo.

Agosti: karatasi

Wasifu wa kwanza hauna jina la mtu wala picha. Kichwa chake ni "Anasafiri kesho". Mwalimu ni mwanamume wa makamo, mwingine aliyesema yaleyale ni binti wa chuo, kwa hiyo umri haukututenganishia chochote. Kilichowaunganisha ni tukio lililowatuma kununua.

Karatasi ina safu mbili. Kushoto yapo maneno ya mnunuzi yenyewe, na mbele yake namba ya mahojiano ili mtu aweze kurudi kwenye daftari. Kulia tunaandika tunafanya nini kwa sababu hiyo. Mstari usio na kitu upande wa kulia unaondolewa na kubaki daftarini. Ndivyo ulivyoondoka ule wa kwamba wengi ni wapenzi wa mpira. Ni kweli, lakini haubadilishi kifuniko.

Mstari wa kuvuja umetuletea sili ya foili chini ya kifuniko, na chupa mbili za nusu lita badala ya moja ya lita. Lita ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, na chupa mbili zinapangika vizuri kwenye begi. Mstari wa kuganda ndio ninaoupenda zaidi. Anayeifungua asali siye aliyeinunua, kwa hiyo maelezo yaliyo nyuma ya lebo yanamsemesha anayepokea: asali halisi huganda kwa sababu glukosi yake hujitenga na kuwa chembechembe, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe. Kijana wa lebo alitaka nafasi hiyo iwe ya maua. Karatasi ilimkatalia, na mimi sikuhitaji kubishana naye.

Wasifu wa pili, "Mtoto anakohoa usiku", ni mfupi. Huyu ananunua kichupa kidogo, karibu na nyumbani, na hajali kifungashio. Uliongeza onyo moja kwenye lebo: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli.

Sasa

Mdogo wangu ameuliza ni asilimia ngapi ya wateja ni wasafiri. Mahojiano hayajibu hilo, na nimekataa kuandika namba yoyote kwenye karatasi. Badala yake, kila mauzo kwenye daftari tunatia alama: S kwa safari, K kwa kikohozi, na N kwa nyingine. N zikizidi, itabidi tukahoji tena, maana kutakuwa na mnunuzi tusiyemjua.

Mstari mmoja umeshayumba. Mama aliyesafiri kwa treni kwenda Mwanza alisema hakuogopa kuvuja hata kidogo, maana aliweka dumu miguuni pake na kulitazama njia nzima. Sikuufuta mstari, nimeongeza neno "basi" na tarehe. Mstari ambao haujaguswa na mahojiano mapya tangu mavuno yaliyopita tutauwekea alama ya kuuliza, na hatutanunua vifungashio vipya kwa kuutegemea.

Dumu la lita tano tumeliahirisha. Halimfai anayesafiri wala mwenye mtoto anayekohoa. Huenda linamfaa mama lishe au mwenye duka, lakini hao bado hatujawahoji. Kinachofuata ni kuwapigia simu waliopokea, kwa ruhusa ya waliowapelekea. Mwalimu ameshanipa namba ya mama mkwe, na amenionya nisipige kabla ya saa kumi jioni.