Nilivyobadilisha draiva ya taa ya nje ya LED ya wati 50

Taa yangu ya nje ilianza kupepesa, kisha ikazima kabisa. Umeme ulikuwa unafika kwenye draiva, yaani kifaa kinachobadilisha umeme wa nyumbani uifae LED, lakini upande wa kutokea mita ilisoma sifuri. Hata hivyo sikununua draiva kabla ya kuipima LED yenyewe, maana LED ikiwa mbovu, draiva mpya haisaidii kitu.

Nilizima swichi kuu, nikasubiri kapasita ziishiwe chaji, nikafungua waya mbili zinazokwenda kwenye LED. Nikaiunganisha na pawa saplai ya mezani niliyoiwekea kikomo cha miliampea 50, nikapandisha volti polepole. Zilipokaribia 27, vidoti vyote vikaanza kung'aa pamoja, hafifu lakini sawasawa. Nilikuwa natafuta mstari uliobaki giza, sikuuona. LED ilikuwa nzima.

Lebo ya draiva ya zamani ilisomeka DC 30-36V, 1500mA. Wengi hapo hutazama wati tu, na wati peke yake hazitoshi. Draiva ya aina hii kazi yake ni kushikilia ampea. Volti zinaamuliwa na LED. Yangu ina mistari 5 ya diodi 10 zilizofuatana, na kila diodi ikiwaka inachukua volti 3.2 hivi, ndipo unapata 32.

Draiva ya kwanza niliyoonyeshwa iliandikwa 50W pia, ila 60-80V na 700mA. Niliikataa. Volti 32 ziko chini mno ya kiwango chake, kwa hiyo taa ingewaka na kuzima, au isiwake kabisa. Nilichagua ya 28-38V, 1200mA. Ampea zimepungua, na mimi nilitaka hivyo: 32 mara 1.2 ni kama wati 38, mwanga unashuka kidogo na joto linashuka pia. Ya 1800mA nisingeigusa, kwa kuwa ingeisukuma LED kupita uwezo wake.

Nikaunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mita ya ampea ikiwa katikati ya njia kabla sijawasha umeme. Mpangilio huo ni muhimu sana. Ukiachanisha waya wa LED huku draiva inafanya kazi, volti zake zinapanda hadi kikomo, na ukigusisha tena, chaji yote inamwagika kwenye LED kwa mpigo. Kwa sababu hiyohiyo, volti unazopima draiva ikiwa haijaunganishwa na LED zisikutishe: ya kwangu ilionyesha zaidi ya 50.

Ilipowaka, mita ilisoma ampea 1.19, na kwenye ncha za LED nikapata volti 31.6, ndani kabisa ya kiwango. Nikazima, nikatoa mita, nikaunga waya vizuri, nikarudisha waya wa ethi kwenye bodi ya chuma. Raba ya kuzuia maji ilikuwa imekauka na kupasuka, na ndani ya boksi palikuwa na kutu, kwa hiyo niliweka mpya na kuziba tundu la kebo kwa silikoni.