Mstari wa mama wa Bunju

Jumapili umeme ulikatika mapema, binti yangu wa pili akawa anatafuta karatasi za kufanyia hesabu, akavuta kaunta buku la kijani kule chini ya kabati la ramani. Lile la kundi. Akalifungua kwenye mwanga wa simu akaanza kusoma kwa sauti, "Mthamini kampa Mpima, mama wa Bunju, mawe mawili hayaonekani," halafu akanyamaza kidogo akaniuliza, mama, mbona huyu hajaandikiwa mwisho? Wengine wote wana mwisho.

Nilimwambia amalize hesabu kwanza. Kwakweli nilikuwa natafuta muda.

Kundi letu la kupeana wateja mnalijua, nimeshaliandika sana hapa. Tulianza wawili, mimi na Dada Mkubwa mthamini, tuliosoma wote Chuo Kikuu Ardhi, tukawa tumechoka kutafuta kazi kila mtu kivyake. Akaja Wakili, akaja Msanifu, Mkadiriaji na mwisho Mhasibu. Sita. Kilichotuunganisha ni kwamba mteja wetu ni mmoja ila anatufikia kwa nyakati tofauti, mtu ananunua kiwanja, wakili anamfanyia upekuzi, mimi mpima nahakiki mawe ya mipaka, msanifu anachora, mkadiriaji anamwambia nyumba itakula shilingi ngapi, akitaka mkopo benki inamtuma kwa mthamini, na akishapangisha anahitaji mhasibu wa kumnyooshea kodi. Yeyote kati yetu akimpata mtu huyo, wengine watano wana kazi siku za mbele, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake.

Kuna kipindi tulifika wanane na wathamini wakawa wawili. Hapo ndo nilijifunza kwamba ugomvi sio lazima uonekane. Hakuna aliyegombana, ila kila ukitaja mteja wa benki unaona macho yanaenda chini, na wewe mwenye mteja unaanza kujiuliza umpe nani, mwisho unaona afadhali usimtaje kabisa. Mikutano miwili mfululizo hakuna aliyetaja mteja hata mmoja. Yule mthamini wa pili na mwenzake mwingine waliondoka kwa amani tukabaki sita, kila fani kiti kimoja. Msanifu alituambia Rotari ya Chicago mwaka 1905 ilianza hivohivo, watu wachache wa kazi tofauti wanakutana kwa zamu ofisini kwa kila mmoja, na jina lenyewe limetokana na ile zamu. Nasi tukakutana kwa zamu, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa moja hadi saa tatu asubuhi kabla jua halijawa kali, mwenye ofisi ananunua chai na chapati.

Mkadiriaji alipendekeza anayeleta mteja apewe asilimia kumi. Wakili akakataa palepale, maadili ya uwakili hayamruhusu kugawana ada na mtu asiye wakili, na Dada Mkubwa akasema ripoti ya uthamini inatakiwa isiwe na deni kwa mtu yeyote. Mimi nikaongeza kwamba hiyo kumi ataibeba mteja tu. Ikapita hivyo, hakuna cha juu. Lakini sasa kama hulipwi kwa kumleta mtu, unapata nini? Hapo ndo likaja kaunta buku. Safu nne: nani kampa nani, mteja gani, shida yake nini, imeishia wapi. Tulikubaliana pia kwamba namba ya simu peke yake sio kazi. Inakuwa kazi pale mteja mwenyewe amekubali namba yake itolewe, anajua anayempigia ni nani na kwa shida ipi, na anasubiri simu hiyo kesho yake. Dada Mkubwa alikuwa anapiga simu mteja akiwa amekaa mbele yake, anaweka spika, anatutambulisha, anakata. Alikuwa anakukabidhi mtu mkononi kabisa.

Ndo alivyonikabidhi mama wa Bunju, mwaka 2017. Mama mjane, kiwanja kimepimwa na hati anayo, jirani kaanza kuchimba msingi wa ukuta na yeye anaona umeingia kwake. Nikampigia kesho yake kama inavyotakiwa, nikaenda, nikakuta mawe mawili kati ya manne hayapo. Nikamweleza kwamba siwezi kukisia kwa macho, nahitaji kodineti za ile ramani ya upimaji iliyosajiliwa ndo nirudishe mawe mahali pake kwa jipiesi. Akanipa laki tatu ya kuanzia, nikapeleka maombi.

Halafu nikapata kazi ya Dodoma. Serikali inahamia kule, viwanja vinapimwa usiku na mchana, ofisi yangu ina wiki kadhaa haijaingiza kitu, nikaenda. Kodineti zilitoka nikiwa kule, kijana wangu akazipokea akaziweka mezani zikanisubiri. Wiki tatu. Mama alipiga mara mbili nikiwa porini hakuna mtandao, nikaona nikirudi nitaenda moja kwa moja. Dada Mkubwa sikumwambia neno lolote, si kwamba nilimficha, niliona tu sina jipya la kumwambia.

Alhamisi ile tulikuwa ofisini kwa Mkadiriaji, ghorofa ya pili, dirisha linaangalia karakana ya kuchomelea, na wale vijana walikuwa wameshaanza kazi, kwa hiyo kila mtu anaongea kwa kunyanyua sauti. Nilikuwa nimerudi usiku wake kwa basi, miguu imevimba. Chapati zimewekwa, mimi nimeshika yangu nimeikunja nachovya kwenye chai. Dada Mkubwa akafungua kaunta buku, akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho kutoka juu kwenda chini polepole, akasimama. Akaniuliza, "Mdogo wangu, mama wa Bunju umefika naye wapi?"

Nikasema, "Nasubiri kodineti, dada."

Haikuwa kweli, zilikuwa mezani kwangu. Sijui kwa nini nilisema vile.

Hakujibu. Alitoa simu kwenye mkoba, akavaa miwani, akatafuta picha, akaiweka simu mezani akaisukuma mbele yangu ikapita katikati ya vikombe. Ukuta ulikuwa umefika linta. Tofali mpya, nondo zimetokeza juu, na pembeni mama mwenyewe amesimama na kanga begani haangalii kamera. Akasema, "Jana alikuja nyumbani kwangu. Hakuja ofisini, alikuja nyumbani, saa mbili usiku. Aliniuliza kama yule niliyempa ni mtu au la." Wale vijana wa chini wakaacha kuchomelea wakati huohuo, sijui walikuwa wanabadilisha vijiti, ikawa kimya kabisa, nasikia chai ya Mhasibu inavyomezwa. Chapati bado iko mkononi inadondosha chai kwenye ripoti ya mtu. Nilitaka kusema habari ya Dodoma nikaona haisemeki.

Aliyevunja ukimya ni Mkadiriaji, na hakunitetea wala hakunisema. Alivuta ile simu akaikuza picha, akasema ukuta ukiwa msingi mtu anakubali kuusogeza, ila ukifika linta ameshaweka saruji, nondo na hela ya fundi, huyu sasa atapigana, na kila siku ikiongezeka anapata sababu zaidi ya kupigana. Wakili akaangalia saa. Akasema kabla ya saa sita mama apeleke barua serikali ya mtaa, mwenyekiti amwite jirani ujenzi usimame mpaka mawe yarudi, na jirani akigoma ndo waende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba zuio. Akaniambia, wewe kazi yako ni kuonyesha mstari uko wapi, usiseme ukuta uvunjwe, hiyo si kauli ya mpima. Barua aliiandika palepale nyuma ya karatasi ya makadirio.

Mchana nilikuwa Bunju na chombo. Ukuta ulikuwa umeingia mita 1 na sentimita 40 kwenye kona ya nyuma, ukipungua mpaka sifuri mbele, yaani pembetatu nyembamba ambayo kwa macho huioni kirahisi. Mwenyekiti alikuwepo, jirani alikuwepo, nikasimika mawe mbele yao. Ujenzi ulisimama. Laki tatu nilimrudishia mama, aliipokea bila kuihesabu.

Miezi ikapita wanabishana, mwisho jirani akakubali kumlipa mama kile kipande, wakaandikishana serikali ya mtaa na kila mtu akaona yameisha. Hayakuisha. Karatasi ya mtaa haibadilishi ramani iliyosajiliwa, hati ya mama bado inaonyesha mpaka ulipokuwa na ukuta uko kwingine, siku mmoja wao akiuza au akitaka mkopo hilo litafufuka. Inatakiwa upimaji wa marekebisho kwa viwanja vyote viwili, na nilimwambia mama nitafanya bure. Alisema atanitafuta. Nimemkumbusha mara nne, ya mwisho alinijibu kwa meseji ya heshima kabisa kwamba amechoka na habari za mipaka. Ndo maana safu ya nne iko wazi. Dada Mkubwa alikataa tuandike "imeisha", na mimi sikuwa na uso wa kubisha.

Baada ya hapo tuliongeza kitu kimoja kwenye mkutano na bado tunakifuata. Kabla hatujataja mteja yeyote, kila mtu anasema mikono yake ikoje. Nimejaa mpaka mwezi ujao, msinipe mtu. Au, nina nafasi ya wawili. Au, nimekwama, mteja wa fulani nimemchelewesha, nifanyeje. Inachukua dakika kumi kumi kwa kila mtu, saa nzima ya mkutano inaishia hapo, na watu wa nje nikiwaelezea wanaona tunapoteza muda maana walidhani tunakutana kugawana kazi. Mimi ningesema neno moja tu Alhamisi ya kabla ya Dodoma, kwamba naondoka, Msanifu anamfahamu mpima mwingine angeweza kumpa, na ule ukuta ungekutwa kwenye msingi.

Dada Mkubwa hakunipa mteja karibu mwaka mzima. Chai tulikunywa, misiba tulizikana, alikuja mwanangu alipolazwa, ila mteja hapana. Halafu siku moja simu ikaita, nikasikia spika, nikasikia anasema, "Huyu ni mdogo wangu, mpima, atakupigia kesho asubuhi." Ilibidi nisogeze gari pembeni.

Sijawahi kumuuliza kwa nini alinisema mbele ya wote badala ya kunipigia simu usiku ule. Kuna siku naona alinionea, angeniita pembeni nikarekebisha bila watu kujua. Lakini angeniita pembeni barua ya Wakili isingeandikwa asubuhi ile, na nadhani ningemwambia uleule uongo wa kodineti, kwenye simu ungekuwa rahisi zaidi. Sina hakika.

Umeme uliporudi binti yangu alikuwa ameshafungua kurasa za mwisho ambazo hazijaandikwa, ameshika rula anataka kuzichana. Nikamwambia aache, kesho nitamnunulia daftari. Akauliza tena, sasa huyu mama wa Bunju? Nikamwambia bado.