Nilivyoifundisha modeli kusoma mita bila kugusa lugha yake

Kila niliyemuuliza namna ya kuiongezea modeli ya lugha uwezo wa kusoma picha alinijibu vilevile: kata picha vipande, vipange mbele ya maneno, mambo yamekwisha. Ndivyo LLaVA, modeli inayosoma picha na maneno, ilivyofanya mwaka 2023, na wengi wamefuata njia hiyo. Hakuna aliyeuliza kwanza kama modeli yangu ya lugha inaruhusiwa kuguswa. Haikuruhusiwa. Ilikuwa modeli ya vigezo bilioni 7, imeshafundishwa kujibu wateja kwa Kiswahili kizuri, na nilitakiwa kuiongezea uwezo wa kusoma picha za mita za maji huku majibu yale yakibaki yalivyo.

Nilianza na ushauri wao. Picha ya pikseli 336 kwa 336, ikikatwa vipande vya pikseli 14, hutoa vipande 24 kwa 24, yaani tokeni 576. Kwa ukubwa huo tarakimu za mita zilikuwa ukungu mtupu, kwa hiyo nikaigawa kila picha robo nne na kuongeza picha nzima iliyopunguzwa. Zikawa tokeni 2880. Dirisha la modeli, yaani kiasi inachoweza kusoma kwa mara moja, lilikuwa tokeni 4096, hivyo picha ya pili haikuingia kabisa. Tena kila tokeni hupita tabaka zote 32 na kuacha kumbukumbu katika kila moja. Kwa modeli ile ni kama nusu megabaiti kwa tokeni, karibu gigabaiti moja na nusu kwa mita moja tu. Nilipofundisha peke yake kiunganishi, sehemu inayogeuza vipande vya picha kuwa tokeni, usomaji ulibaki dhaifu. Nilipofungua vigezo vya lugha, mita zilisomeka, lakini majibu ya wateja yakaanza kuwa mafupi na ya ovyo.

Hapo nikahamia kwenye atensheni mtambuka, kwa mtindo wa Flamingo ya DeepMind ya mwaka 2022. Picha haiingii kwenye foleni ya maneno. Inakaa pembeni, na katika tabaka chache maalumu maneno ndiyo yanayouliza na picha ndiyo inayojibu. Niliongeza tabaka 8, moja baada ya kila nne za zamani, na vigezo vya zamani nikavigandisha vyote. Kumbukumbu ya picha ikashuka hadi robo, kwa sababu sasa inahifadhiwa katika tabaka 8 badala ya 32. Dirisha likabaki la maneno peke yake. Pasipokuwa na picha tabaka mpya zinarukwa, na nilipolinganisha majibu ya zamani na mapya hayakutofautiana hata herufi.

Kilichonisumbua sana ni lango. Kila tabaka mpya ina namba moja inayoamua kiasi gani cha picha kipite:

```
x = x + tanh(a) * attn(x, picha)
```

`a` huanza kwenye 0, kwa hiyo mwanzoni modeli ni ileile ya zamani. Mtu mmoja, kwa kujiamini kabisa, alinishauri nianze na 1 ili ijifunze haraka. Nilijaribu. Tabaka ambazo hazijajifunza lolote zilimwaga kelele kati ya tabaka zilizogandishwa, na modeli ikatoa silabi zilizorudiwarudiwa ukurasa mzima. Nikarudi kwenye 0. Makosa ya mafunzo yakashuka vizuri, kila aliyeona mchoro akanipongeza, lakini mimi sikuridhika, maana mita nyingi huanza na sifuri na humalizikia na kipimo kilekile. Hayo modeli inaweza kuyakisia ikiwa imefumba macho.

Basi nikabuni jaribio ambalo hadi leo nalifanya kabla ya jingine lolote: swali libaki lilelile, picha ibadilishwe na ya mita nyingine. Jibu halikubadilika! Nikachapisha `tanh(a)` za tabaka zote, na karibu zote zilikuwa zimeganda jirani na sifuri. Chanzo kilikuwa mpangilio wa kawaida unaovuta vigezo vyote kuelekea sifuri wakati wa mafunzo. Lango likiwa 0, tabaka iliyo nyuma yake haipati funzo lolote. Linalosogea ni lango peke yake, na hapohapo linavutwa kurudi. Niliyatenga malango, nikayawekea `weight_decay=0` na kasi ya kujifunza kubwa kuliko ya vigezo vingine. Yakafunguka, hasa ya tabaka za katikati, na usomaji ukaanza kufuata picha.

Tabaka mpya zina gharama yake: modeli ilinenepa kwa zaidi ya vigezo bilioni moja, na mafunzo yalikula muda mrefu. Kama una ruhusa ya kufundisha modeli ya lugha yenyewe, hali inageuka. Waliotengeneza Idefics2, modeli nyingine ya picha na maneno, mwaka 2024 walilinganisha njia hizi mbili: lugha ikigandishwa, atensheni mtambuka ilishinda, lugha ikifunguliwa kidogo kwa vigezo vya nyongeza, vipande ndani ya foleni vilishinda. Njia zote mbili hazitakuokoa kama tarakimu imeshapunguzwa hadi pikseli 5 au 6, kwani hapo haijazi hata nusu ya upana wa kipande kimoja. Pima upana wa tarakimu kwenye picha iliyokwisha kupunguzwa, ndipo uchague.