Mpangaji akisema "maji yanatoka kidogo": nilivyojifunza kupanga meseji za wapangaji

Nina nyumba ya ghorofa moja Tabata, wapangaji wanane, wanne chini wanne juu, mimi mwenyewe naishi Mbezi kwa hiyo nikiitwa kwa haraka na foleni ya Dar mnaijua, ni saa nzima na zaidi. Zamani kila kitu kilikuwa kinaingia kwenye simu yangu kama kilivyo: kodi, kitasa, jirani anapiga muziki, voisi za dakika tatu, picha za mende. Nilikuwa najibu nikipata nafasi, nikiona mtu amepaniki namjibu kwanza, nikiona ametulia naye anasubiri, na hapo ndipo nilipoumia.

Jumamosi moja usiku kama saa 4 hivi zikaingia meseji mbili karibu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya jamaa wa Namba 1, herufi kubwa tupu: "BOSI HII NI DHARURA KABISA TUNAISHI KAMA WANYAMA." Ya pili ya dada wa Namba 6, mwalimu, mtu mpole sana: "Shikamoo baba mwenye nyumba, samahani kwa usumbufu wa usiku, ukipata nafasi naomba utuangalizie chooni kuna maji yanatoka kidogo." Nikampigia wa herufi kubwa. Taa ya korido imeungua. Na mimi kwa kupaniki nikamtuma fundi umeme usiku ule ule kwa bei ya usiku aende kubadilisha balbu, halafu nikalala. Yule mwalimu nikasema kesho.

Asubuhi napigiwa simu na Namba 2, anaishi chini ya mwalimu. Dari la jipsamu limedondoka lote sebuleni, limeangukia kochi na tivii, na nyumba nzima haina maji kwa sababu tanki la juu limekauka. Kilichotokea ni kwamba ule mpira mfupi unaotoka ukutani kwenda kwenye kitanki cha kuflashi ulikuwa umechanika pembeni, mwanzo ulikuwa unarusha kamstari kembamba, ndo hiyo "kidogo" ya mwalimu, baadaye ukaachia wote. Nilikuja kupima siku nyingine kwa ndoo, bomba lile likiwa wazi ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika moja na kitu, maana yake simtanki la lita 2,000 linaisha ndani ya saa mbili tu, na lote linashuka kwa jirani wa chini. Dari, kochi na tivii nililipa mimi, na siwezi kumlaumu mwalimu hata kidogo, alinitaarifu mapema sana, mimi ndo nilisoma adabu yake badala ya kusoma maji.

Jaribio langu la kwanza la kurekebisha lilikuwa la kijinga. Nikatangaza kwenye grupu: kama ni jambo la haraka anza na neno DHARURA. Wiki mbili za kwanza safi, mwezi wa pili kila kitu kikawa DHARURA, mpaka bawaba ya kabati. Nilikasirika, halafu nikarudi nyuma kwenye chati kuangalia nani anaandika hivyo na kwa nini, nikakuta karibu wote ni watu waliokuwa wameleta shida ndogo kwa ustaarabu, nikasema "sawa nitaangalia", nikakaa kimya wiki tatu. Jamaa wa taa ya korido mwenyewe alikuwa ameshaandika mara tatu kistaarabu kabla ya zile herufi kubwa! Yaani dharura za uongo nilikuwa nazitengeneza mimi kwa kutojibu zile za kawaida.

Kwa hiyo nilianzia huko kwenye za kawaida. Fundi anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, ya kwanza na ya tatu, anakuja na orodha yangu, namlipa siku nzima badala ya kumwita kwa koki moja moja, na imekuwa nafuu kuliko zamani. Meseji ya kawaida ikiingia najibu siku hiyo hiyo na tarehe: "Nimeipata, fundi anakuja Jumamosi tarehe fulani." Ni sentensi moja tu, ila mtu akishajua tarehe haandiki tena. Natumia ile WhatsApp Business, ina lebo, nimeweka tatu tu: Sasa hivi, Kesho, Jumamosi. Nilijaribu kuweka saba na rangi zake, nikachanganyikiwa mwenyewe nikazifuta. Pia kuna daftari la kawaida kwa sababu lebo haikuambii kama kazi ilifanyika kweli, kule naandika tarehe, namba ya nyumba, tatizo, na mpangaji akithibitisha ndo napiga tiki, fundi akisema "tayari bosi" sipigi tiki.

Sasa kutenganisha zenyewe. Siangalii tena mtu ameandikaje, nauliza maswali matatu yale yale kwa kila mtu, nimeyaweka kwenye majibu ya haraka nikibonyeza alama ya mkwaju yanatokea. Kwanza, kinaendelea sasa hivi au kimesimama? Pili, umeweza kukifunga? Tatu, kiko karibu na umeme, au kuna mtu anaweza kuumia au kukosa kulala salama? Kama kinaendelea na hakifungiki, ni Sasa hivi. Kama kimefungwa lakini mtu hana maji au hana choo, ni Kesho. Mengine Jumamosi. Swali la tatu linapita yote, yaani soketi inatoa harufu ya kuungua ni Sasa hivi hata kama umeme unawaka vizuri kabisa, na kitasa cha mlango wa nje ambacho hakifungi saa 2 usiku ni Sasa hivi wakati kitasa cha chumbani ni Jumamosi.

Kwa maji ndoo ndiyo inaamua, neno "kidogo" nimelipiga marufuku, namwambia weka ndoo ya lita 20 chini yake uniambie inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika tunafunga maji sasa hivi, ikijaa ndani ya saa moja fundi anakuja leo, ikichukua usiku mzima inasubiri Jumamosi na ndoo ibaki hapo hapo. Wapangaji walicheka mwanzoni, siku hizi wanaandika wenyewe "ndoo dakika 40". Na kama maji yako sehemu ambayo ndoo haiingii, naomba video, picha haioneshi kama maji yanatembea au yametulia.

Choo nacho kina mtego wake. "Choo kimeziba" ya mtu wa juu peke yake ni ya Kesho. Ila mtu wa chini akisema choo kinapanda chenyewe, nauliza: kinapanda wa juu wakiflashi? Akisema ndiyo, hapo tatizo haliko kwenye choo chake, njia kubwa imeziba au shimo limejaa, na kila anayeoga juu anamletea uchafu ndani. Hiyo ni Sasa hivi, na meseji ya kwanza siitumi kwa fundi, naituma kwa wanne wa juu wasimwage maji mpaka niwaambie.

Halafu kuna njia ya kufikisha. Meseji hainiamshi, nimekubali hilo, usiku data inazimwa. Kwa hiyo Sasa hivi ni kupiga simu, na asiye na salio la kutosha kuongea anabip mara mbili mfululizo, namba za wapangaji wote wanane nimeziwekea mlio wa peke yake na simu inalia hata ikiwa kimya. Watu wengi wana bando la intaneti lakini hawana salio la kutosha kuongea, kabla sijasema kuhusu bip walikuwa wanaandika wasap tu na kusubiri. Kwa gesi na moto nimesema wasinipigie mimi kwanza: gesi ikinuka funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi yoyote, toka nje ndo upige simu, na moto ni 114 zimamoto, mimi baadaye.

Lakini kilichosaidia kuliko lebo zote ni valvu. Zamani kulikuwa na moja tu kule juu ya mnara wa tanki, unapanda ngazi, usiku nani apande. Nikamwambia fundi bomba aweke moja kwa kila nyumba ukutani nje, zile za mkono unaozunguka robo tu, mkono ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikatiza bomba yamefungwa, kila moja imeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Nimewaonesha wote na watoto wakubwa pia. Kila baada ya miezi mitatu hivi fundi anazizungusha, maana ikikaa sana bila kuguswa inakwama siku ya siku.

Mwezi wa 4 mwaka jana, masika yamechachamaa, Namba 3 akabip mara mbili saa 5 usiku, dari linadondosha maji karibu na taa. Nikauliza mvua inanyesha sasa? Akasema imekata tangu jioni. Matone yanaendelea? Yanaendelea, yanaongezeka. Hapo nikajua sio mvua, juu yake kuna bafu la Namba 7. Nikamwuliza amesimama pakavu? Ndiyo, basi nikamwambia azime swichi ya taa kwenye boksi la umeme, akiwa kwenye maji asingegusa, ningemtoa nje. Namba 7 akafunga valvu yake. Matone hayakukata papo hapo, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa wanafungua tena, dari lililolowa linaendelea kudondosha kwa muda. Nikasubiri nusu saa, Namba 3 akatuma video, yamepungua. Nikambadilishia lebo kutoka Sasa hivi kwenda Kesho, nikalala. Fundi alikuja saa 2 asubuhi kwa bei ya mchana, akakuta kiungo cha bomba nyuma ya shawa hakikuunganishwa vizuri, akakata akaunga upya, dari likabaki na doa tu.

Bado kuna sehemu mpango wangu unavuja. Nilienda msibani kijijini hakuna mtandao siku mbili, ikabidi nimpe yule mwalimu wa Namba 6 namba za mafundi wote na ruhusa ya kutumia mpaka elfu hamsini bila kuniuliza, naipunguza kwenye kodi yake. Mpaka leo ametumia mara moja tu, na alinitumia meseji: "Shikamoo baba, samahani kwa usumbufu, ndoo ilikuwa dakika 3 nimeshamwita fundi."