Riwaya ya Kwanza ya Kaka Yangu

Kaka yangu ana umri wa miaka 41, na tangu amalize shule hakuwa amesoma riwaya yoyote kwa hiari yake. Aliponiomba nimchagulie moja, nilikosea kwa kumpa ile niipendayo mimi: kurasa 420, vizazi vitatu vya ukoo mmoja, na majina ambayo hata mimi huyachanganya. Alikwama kwenye ukurasa wa 30. Nilipomtazama akisoma, niliona kwamba kila mara alirudi nyuma kutafuta nani ni mtoto wa nani, nikatambua kuwa tatizo halikuwa uvivu bali mzigo wa kumbukumbu ambao msomaji mzoefu huubeba bila kuuhisi.

Mara ya pili sikumuuliza anapenda vitabu gani, kwani swali hilo humrudisha mtu darasani, kwenye mitihani ya dhamira na wahusika. Nilimuuliza ni tamthilia gani iliyomfanya akeshe. Akataja ya upelelezi. Basi nikatafuta riwaya ya upelelezi yenye kurasa 140, msimulizi mmoja, matukio yanayofuatana bila kurukaruka nyakati, na sura za kurasa tano au sita, ili aweze kumaliza sura nzima kabla usingizi haujamchukua. Nilimwomba asome kurasa mbili za mwanzo mbele yangu. Alipozimaliza alifunua ukurasa wa tatu bila kuniangalia, na kipimo hicho nakiamini kuliko sifa zote za jaladani.

Aliimaliza kwa siku tisa. Sasa anasoma nyingine ya mwandishi huyohuyo, ingawa mimi naiona dhaifu kidogo.