Kumbukumbu ya shamba la Kipushi: ile 5.9 ilikuwa ya uongo

Nimemkamata mwizi! Misimu miwili kipimo kinaniambia udongo wangu una asidi kidogo tu, pH 5.9, na misimu hiyo miwili mahindi ya shamba langu la barabara ya Kipushi yamegoma kupita magoti, majani ya chini yamekuwa ya zambarau kana kwamba hayajaonja fosforasi. Mbolea ya DAP nilitia, tena si kidogo. Nikamlaumu muuza mbolea, maskini, hana kosa.

Februari nikaacha kuangalia majani nikachimba. Nilichimba kwa jembe pembeni ya shina, maana ukivuta kwa mkono ncha za mizizi zinabaki chini, na ushahidi wote uko kwenye ncha. Mizizi ilikuwa mifupi, minene kama vidole vya mtoto, ncha zake kahawia, vijizizi vya pembeni karibu hakuna. Ilifika vidole vinne chini ikakata tamaa. Hiyo ni kazi ya aluminiamu. Asidi ikizidi, pH ikashuka chini ya 5.5 hivi, aluminiamu iliyofungwa kwenye udongo huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Yenyewe pamoja na chuma huikamata pia fosforasi, kwa hiyo DAP yangu ilikuwa ardhini lakini mahindi hayawezi kuichukua.

Sasa mizizi inasema chini ya 5.5, mashine inasema 5.9. Nikairekebisha mashine kwa maji yake maalum ya 4.01 na 7.00: iko sawa kabisa. (Kile kijiti cha kuchomeka ardhini, kisicho na betri, nimewapa watoto wachezee. Ndiyo thamani yake.) Siku tatu sikulala vizuri. Jibu nikalipata jikoni, nikikwangua ukoko mweupe ndani ya birika ya chai. Maji ya kisima chetu yana chokaa! Na mimi kila mara ninakoroga gramu 10 za udongo katika mililita 25 za maji hayo hayo, halafu ninapima. Nilikuwa ninatibu udongo kwenye glasi na kuuacha mgonjwa shambani.

Nikakinga maji ya mvua kwa beseni katikati ya uwanja, mbali na bati. Nikapima mara tatu: 4.7, 4.7, 4.8. Nikacheka peke yangu.

Lakini pH haikuambii utie chokaa kiasi gani kupunguza asidi hiyo. Udongo mwekundu wa mfinyanzi una akiba ya asidi ambayo mashine haiioni, na wa mchanga wenye pH hiyo hiyo hutosheka na kidogo. Nikatumia makopo manne, kila moja kilo moja ya udongo mkavu, na chokaa ya mawe iliyosagwa laini: sifuri, nusu gramu, gramu 1, gramu 2. Nikalowesha kwa maji ya mvua, nikawa ninageuza kila wiki. Baada ya wiki nne: 4.7, 5.0, 5.4, 6.0.

Ninachukua ya gramu 1. Nikitia nyingi hadi kukaribia 7 nitaanza kuyanyima mahindi zinki. Ari moja, yaani mita 10 kwa 10, kwa kina cha sentimita 20, ni kama tani 24 za udongo, kwa hiyo kilo 24 za chokaa. Jembe langu linafika 15 tu, basi kilo 18. Ari tano za mahindi na maharage ni kilo 90. Ari tatu za mihogo sizigusi: muhogo unavumilia asidi hii, na mfuko wa chokaa si bure.

Mwaka juzi niliinyunyiza juu nikaiacha. Haikushuka. Lazima ichanganywe na udongo, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, na isikutane na DAP mkononi, la sivyo naitrojeni inapaa hewani. Chokaa ya kupaka ukuta ni kali zaidi, kilo 74 zake ni sawa na 100 za ile ya mawe, na inachoma ngozi. Kuzitofautisha ninadondoshea siki: ya mawe inatoa mapovu.

Mpango ulikuwa kununua mifuko miwili wiki hii. Sijanunua. Mama jirani aliona makopo akaniuliza, nikamweleza, akasema: «Papa, juu ya kichuguu mahindi inamelaka yenyewe.» Kweli, kile kichuguu kikubwa mpakani mwetu kina mahindi ya kijani kibichi kila mwaka. Nikaenda na siki. Udongo wa juu, kimya. Nikachimba hadi kiunoni, nikakuta vijiwe vyeupe, nikadondosha: mapovu.

Makopo matatu mapya yako chini ya kitanda, gramu 20, 50 na 100 za kichuguu kwa kilo. Mke wangu anauliza yatatoka lini. Nimemwambia wiki nne.